Jaa Mgongoni, Msalaba Mbele

Saa tatu na dakika ishirini usiku tulisimama. Tulikuwa watu tisa kwenye tambarare la changarawe kusini ya mji wa Adam, na kwa hesabu yetu kambi ilipaswa kuwa miguuni petu. Haikuwapo. Tulikuwa tumekwenda kilomita 3 kuelekea kaskazini baada ya magharibi, tukageuka kurudi kusini, tukatembea dakika zile zile arubaini na tano kwa mwendo ule ule. Mwenzetu aliyebaki kupika alikuwa na jiko la gesi na taa moja ya betri chini ya miti kwenye kibonde, kwa hiyo hatukutarajia kuona moto mkubwa, lakini taa tulitarajia kuiona. Simu tulikuwa tumeziacha kambini kwa makubaliano, isipokuwa moja iliyozimwa na kutiwa mkobani mwa mwalimu wetu.

Hayo makubaliano ndiyo yaliyotutoa Maskati wiki ile ya tatu ya Aprili. Katika kikao cha chama mwezi uliotangulia, dada mmoja ambaye babu yake alisafiri majahazi ya Sur hadi Unguja alituuliza: hivi katika sisi tunaojiita watoto wa mabaharia, nani anaweza kuonyesha kaskazini usiku bila simu? Hakuna aliyenyanyua mkono. Mwalimu akacheka, akasema basi twende tukajifunze. Makala haya ni ya yale tuliyojifunza, pamoja na kosa letu, maana kosa ndilo lililotufundisha zaidi.

Tuanze na sehemu tuliyoifanya sawa. Majira ya Aprili, giza linapoingia hapa Oman, ukitazama kaskazini utaona juu nyota saba zinazong'aa kwa kiasi kinachokaribiana. Nne zimefanya pembe nne kama bakuli, tatu zimefuatana kama mpini. Waarabu waliziita Banati Naashi, mabinti wa jeneza: nne ni jeneza, tatu ni mabinti wanaolifuata. Sisi tuliona kata ya kuchotea maji mtungini, ingawa kaka mmoja wa Pemba alishikilia kuwa ule ni upawa. Tuiite Kata. Saa hizo Kata imepinduka, mdomo chini, mpini ukielekea kulia.

Nyota mbili za ukingo wa bakuli ulio mbali na mpini ndizo vielekezi. Ya chini ya bakuli ni Maraki, ya mdomoni ni Dubu. Jina hilo la pili ni yule yule dubu wetu, kwani limetoka katika Kiarabu cha dubu mkubwa. Anza Maraki, pita Dubu, endelea na mstari huo huo moja kwa moja, umbali wa mara tano na kidogo wa nafasi iliyopo baina yao. Utafika kwenye nyota iliyo peke yake, isiyong'aa sana kuliko vielekezi vyenyewe. Hiyo ndiyo nyota ya ncha. Wengi hudhani kwamba nyota ya kaskazini lazima iwe kubwa kuliko zote, wakaishia kuchagua nyota nyingine kwa sababu inameremeta. Ukubwa hauna maana hapa. Maana yake ni kwamba nyota zote huzunguka usiku kucha na hii husimama.

Mabaharia wa Kiarabu waliiita al-Jahi, na ndipo lilipotoka neno la pwani la jaa kwa maana ya kaskazini. Wengi wetu tulilijua jaa la taka tu.

Kwa kupima, tulitumia kadi zetu za uanafunzi. Kadi ya namna hii, kama ya benki, ina urefu wa milimita 86 na upana wa milimita 54. Ukiiweka sentimita 57 kutoka jichoni, kila sentimita moja inafunika digrii moja ya anga. Basi tulitoboa kadi, tukafunga uzi wenye fundo penye sentimita 57, fundo tukaling'ata kwa meno na kadi tukaisukuma mbele hadi uzi ukakaza. Hii ni kamali ya mabaharia (si ile ya kuchezea fedha): kibao na uzi wenye mafundo, fundo kinywani. Upana wa kadi ukawa digrii 5.4, ambao kwa bahati nzuri ndio umbali wa kutoka Maraki hadi Dubu karibu sawasawa. Kwa hiyo mtu anayetilia shaka kama kaipata Kata aweke kadi kwa upana baina ya nyota mbili. Zikigusa kingo mbili za kadi, ndizo.

Kisha tukapima kimo cha jaa kutoka upeo wa macho, tukipandisha kadi kwa urefu wake, hatua kwa hatua. Tulipata kadi mbili na nusu, yaani digrii 21 na nusu. Mwalimu akawasha ile simu mara moja ili tuhakiki: latitudo yetu ilikuwa digrii 22 na sehemu ndogo. Kimo cha jaa juu ya upeo ni latitudo ya mahali uliposimama. Jaa haipo kwenye ncha hasa, ipo pembeni yake kwa chini ya digrii 0.7, na kadi na mikono yetu inayotetemeka ina makosa makubwa kuliko hayo. Tulifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyotuponza.

Kwenda kaskazini kulikuwa rahisi. Tulipanga mstari mmoja, aliyetangulia akaitazama jaa, akachagua kichaka au jiwe chini yake, akaliendea, akachagua jingine. Namna hii ni bora kuliko kutembea macho juu, kwani anayetazama juu hujikwaa na hupinda bila kujijua. Saa mbili na nusu tukafika kilomita 3, tukanywa maji, tukageuka.

Sasa kurudi kusini. Njia ya busara ilikuwa kuweka jaa mgongoni na kusimama kila baada ya hatua mia kugeuka na kuhakikisha. Lakini mmoja wetu (hatumtaji, naye ndiye anayehariri makala haya) akasema: kwa nini tujisumbue kugeuka shingo ilhali Msalaba wa Kusini ule pale mbele? Kweli, chini upande wa kusini palikuwa na nyota nne zilizokaa kama msalaba. Tukauendea.

Tuliposimama bila kuiona kambi, mwalimu hakusema neno la lawama. Alituambia tukae kwenye mstari kama tulivyokuwa tukitembea, kisha kila mtu ageuke nyuma alipo. Mstari wa watu tisa ukawa kama rula inayoonyesha tulikotoka. Jaa haikuwa kwenye ncha ya rula hiyo. Ilikuwa kushoto kwake, na kwa kadi tulipima karibu urefu wa kadi mbili, digrii 16 hivi. Yaani kilomita 3 zote tulikuwa tukienda si kusini bali kusini iliyolegea magharibi kwa digrii 16. Kwa wanaopenda hesabu, zidisha 3 kwa saini ya 16: ni kama mita 800. Kambi ilikuwa mashariki yetu, mita 800, tena tulikuwa tumefika usawa wake karibu kabisa.

Tukageukia mashariki, jaa ikiwa begani kushoto. Baada ya dakika kumi na kitu tuliiona taa, na mpishi akatuuliza tumechelewa kwa sababu gani.

Kilichotudanganya kinaitwa na wanajimu Msalaba wa Uongo. Unakaa upande wa magharibi wa ule wa kweli, ni mkubwa kidogo, nyota zake ni hafifu zaidi, na hautoi mstari wa kuaminika wa kwenda kwenye ncha ya kusini. Ubaya wake ni kwamba hutangulia. Saa mbili na nusu usiku ule ulikuwa umeshapita kusini na kuanza kushuka magharibi, na tulipokuwa tukitembea nao ulikuwa ukitembea. Tulipoanza ulikuwa digrii 12 hivi magharibi ya kusini, tuliposimama umefika karibu 18. Ukiifuata nyota inayosogea utatembea kwa upinde. Wakati huo huo Msalaba wa kweli ulikuwa ndio kwanza unainuka kusini-mashariki, umelala ubavu, nyota yake ya mguuni ikiwa imezama kwenye vumbi la upeo.

Dalili ya kuutambua wa kweli ipo, lakini saa ile haikuwa imechomoza. Msalaba wa Kusini nao una vielekezi, nyota mbili zing'aazo sana upande wake wa mashariki, Alfa Sentauri na Beta Sentauri. Alfa ndiyo iliyo mbali zaidi na Msalaba, na ni ya tatu kwa mng'ao katika nyota zote za usiku. Mstari unaotoka Alfa kupitia Beta unakupeleka kwenye Msalaba wa kweli. Msalaba wa Uongo hauna wenzi kama hao. Basi kanuni tuliyojiwekea ni hii: kama vielekezi havijaonekana, hatuapi kwamba tumeuona Msalaba. Pia kadi husaidia. Kutoka kichwa cha Msalaba wa kweli hadi mguuni ni digrii 6, upana wa kadi na ziada ndogo kama unene wa kidole chembamba.

Baada ya chakula tulipanda ukingo wa kibonde tukangojea. Saa nne na nusu usiku ukasimama wima, kichwa digrii 11 juu ya upeo na mguu digrii 5 tu, na vielekezi vyake vimechomoza kushoto, chini kabisa, vikimetameta kwa rangi kwa sababu ya hewa nzito. Tukageuka: jaa nyuma yetu barabara.

Hapa ndipo penye jambo ambalo vitabu vingi vya kiongozi havisemi vizuri kwa mtu wa Oman. Vitabu hivyo huandikwa kwa walioko kusini ya ikweta, navyo husema: chora mstari kutoka kichwa cha Msalaba kupitia mguuni, uendeleze mara nne na nusu ya urefu wake, utafika kwenye ncha ya kusini ya mbingu, kisha teremka hadi upeoni. Ni kweli. Lakini ukiwa latitudo 22 kaskazini, ncha hiyo ipo digrii 22 chini ya ardhi. Utachora mstari kwenye changarawe. Kwetu sisi hapa njia ni nyepesi zaidi, ila inataka subira: ngoja Msalaba usimame wima. Kichwa na mguu wake vinapita kusini karibu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukisimama wima ndio umefika kusini kamili, na chini yake ni kusini. Ukiwa umelala kushoto, kusini bado ipo kulia kwake. Ukilala kulia, kusini imebaki kushoto. Katika nusu ya pili ya Aprili hilo hutokea kati ya saa nne na saa tano usiku, na kila mwezi unaopita hutangulia kwa saa mbili. Mwezi wa Januari utaamka kabla ya alfajiri kuuona.

Na hapo yule dada akauliza swali lililotufanya tusilale mapema: basi babu yangu alipokuwa akishuka Unguja, jaa ilimfuata mpaka wapi?

Ilimfuata ikizama. Majahazi yaliondoka huku kwa upepo wa kaskazi, na kwa kila kilomita 111 za kushuka kusini jaa hupungua kimo kwa digrii moja. Sur ipo latitudo 22 na nusu, jaa ipo juu ya kadi mbili na nusu. Ukipita Ras Hafun pwani ya Somalia imebaki digrii 10, urefu wa kadi moja na kidogo. Mogadishu ni 2, na nyota isiyo na mng'ao mkubwa ikiwa digrii 2 juu ya bahari humezwa na unyevu hata kama kwa hesabu ipo. Lamu ipo kusini ya ikweta, na jaa imekwisha kabisa.

Mabaharia hawakungojea ipotee ndipo wahangaike. Katika maandishi ya Ahmad ibn Majid wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, aliyeishi karne ya 15, vipimo vinatajwa kwa isba, yaani kidole, ambacho ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Jaa inapokuwa chini mno kupimwa, kipimo huhamia kwenye Farkadani, zile nyota mbili zinazoizunguka kwa karibu, na hizo nazo zikishuka, kipimo huhamia Naashi, yaani Kata yetu. Wao walikuwa na mtihani ambao sisi hatuna. Zama zile jaa ilikuwa mbali na ncha kwa kiasi cha digrii 3 na nusu, kwa kuwa mhimili wa dunia hujizungusha polepole mno, na ilibidi wasahihishe kipimo kwa kuangalia nyota nyingine ziko wapi saa ile. Anayesema kwamba wazee walitazama nyota moja tu wakafika, hajui kazi waliyoifanya.

Kule Unguja mambo hupinduka. Kata bado huonekana, lakini chini upande wa kaskazini, na jaa ipo digrii 6 chini ya bahari. Vielekezi vinapokuwa wima, kama jioni za Aprili na Mei, mstari wake huzama baharini mahali penye kaskazini hasa: ni hila ile ile ya Msalaba wima wa Oman, ila upande wa pili. Kwa watu wa Unguja hilo halikuwa jambo la safari tu. Makka ipo karibu kaskazini kamili ya kisiwa, ndiyo maana pwani kaskazini huitwa pia kibla. Neno hilo halisafiri. Maskati kibla ni magharibi, na mzee aliyekuambia nyumba yake ipo kibla ya msikiti inabidi kwanza umuulize ni msikiti wa wapi.

Neno jingine lisilosafiri vizuri ni suheli. Pwani maana yake ni kusini, na hapa Ghuba kila mtu anaijua nyota ya Suheli inayochomoza alfajiri mwishoni mwa Agosti na kuleta habari ya joto kupungua. Inang'aa kuliko zote za usiku isipokuwa moja, kwa hiyo inavutia macho. Lakini kwa latitudo ya kambi yetu huchomoza digrii 31 mashariki ya kusini na kutua digrii 31 magharibi ya kusini. Ni kusini wakati mmoja tu, inapofika kileleni mwa njia yake. Aliyekosea kwa Msalaba wa Uongo alipotea mita 800. Angefuata Suheli tangu ichomoze angepotea karibu mara mbili ya hizo.

Mwezi wa Julai kaka yetu wa Pemba alikuwa likizo, akaenda ufukwe wa Kizimkazi, kusini kabisa ya Unguja, na uzi wake na kadi. Tulimpa kazi moja: ajaribu ile njia ya vitabu, kwa sababu pale ncha ya kusini ipo juu ya bahari. Saa mbili usiku Msalaba ulikuwa umeshainamia kulia, vielekezi vikiwa juu kushoto kwake. Angechukulia mguu wa Msalaba kuwa ndio kusini angekosea digrii 18 hivi. Badala yake alishika kadi kwa upana, akaiongezea kile kidole chembamba, akapiga hatua nne na nusu kutoka mguuni kufuata mstari wa Msalaba, kushuka kushoto. Akafika kwenye anga tupu isiyo na nyota ya kutajika, kwani kusini hakuna jaa. Akapima kutoka hapo hadi kwenye bahari. Ujumbe wake ulitufikia usiku ule ule: “Upana wa kadi moja na kidole kimoja. Digrii 6 na kitu. Nimesimama hapo hapo ramani inaposema, na wavuvi wananiuliza kadi imeingia maji au vipi.”